KISA CHA SALMA NA MAJI YA NDOO

Somo la watoto juu ya kunawa mikono, na namna vijidudu vya maradhi vinavyoenea nyumbani

Ndugu msomaji, karatasi hizi tumewaandikia watoto, lakini tumezitia mkononi mwako wewe baba yao. Wasomee baada ya Maghribi, na ufikapo palipotajwa manjano na mafuta ya nazi, ondoka nao uende ukafanye kama alivyofanya mzee wa kisa hiki. Kisa chenyewe ni cha mfano: Salma na jamaa zake hawakuwako. Lakini maradhi yaliyotajwa humu yako, na njia yaliyopitia ndiyo njia yapitayo katika majumba yetu kulla mwaka.

1. Siku ya Alkhamisi

Alikuwako Mombasa, katika Mji wa Kale, msichana jina lake Salma, umri wake miaka tisa. Nyumbani mwao walikaa baba na mama, na kaka yake Faridi, na ndugu yao mchanga Nasri aliyekuwa akijifunza kwenda. Alikuwamo pia babu yao, aliyefanya kazi ya udresa hospitali miaka mingi kabla ya kupumzika, na shangazi yao pamoja na binti yake Zuhura, mtoto wa miaka minne.

Jumanne Nasri alianza kuhara. Haikuwa kuhara kwa kutisha, na watu wakasema ni meno yanaota. Alkhamisi kabla ya adhuhuri mama alikuwa ameshughulika na wali na samaki, na Nasri akachafua winda lake. Mama akaita, "Salma mwanangu, msafishe ndugu yako." Salma akaitika, "Labeka mama," akaenda akamvua lile winda, akamwosha kwa mkono wa kushoto kama alivyofundishwa, akamfunga jingine kavu. Kisha akaiendea ndoo ya maji iliyokuwa penye mlango wa jiko, akachovya mikono yake miwili ndani yake, akaipekecha mara moja, akaitoa na kuifuta kwa upindo wa leso yake. Akaitazama. Haikuwa na uchafu wala harufu. Akaridhika.

Mama akamwambia tena, "Basi njoo ututengenezee sharubati ya maembe, baba yako yu karibu kurejea." Salma akamenya maembe sita, akayakamua kwa mikono ndani ya bakuli kubwa, akachota maji kwa kata katika ile ile ndoo, akatia sukari, akakoroga.

Likaandaliwa sinia, wakala wote isipokuwa shangazi, kwani alikuwa amefunga sunna ya Alkhamisi. Sharubati wakainywa baba, na mama, na Faridi, na Zuhura, na Salma mwenyewe. Babu hakuinywa kwa sababu ana maradhi ya sukari. Yeye alikunywa maji ya mtungi. Shangazi alipofuturu alikula wali ule ule na samaki yule yule, ila sharubati ilikuwa imekwisha.

2. Siku ya Jumamosi

Jumamosi alfajiri Faridi aliamka akitapika. Jua halijapanda akafuatia Zuhura kwa kutapika na kuhara pamoja. Adhuhuri baba alirejea dukani ameshika tumbo, na jioni Salma naye akaona tumbo lamsokota. Baba na Faridi na Salma wao walikuwa wazima wa kutosha kunywa maji na kulala. Mwenye khatari alikuwa Zuhura, kwani mtoto mdogo maji ya mwilini mwake ni machache, na kuhara humkausha upesi kuliko mtu mzima.

Babu akamkalia Zuhura. Akatwaa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia vijiko sita vya chai vya sukari, vya kupima sawasawa bila ya kulundika, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, akakoroga mpaka vikayeyuka. Akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Alipotapika alingoja kadiri ya dakika kumi, kisha akaanza tena polepole. Lakini baada ya Isha aliona dalili asizozipenda. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, akilia hatoki machozi, na tangu alasiri hakupata haja ndogo. Babu akamfinya ngozi ya tumbo akaiachia, nayo ikarudi polepole kama ngozi ya mzee. Alipomkaribishia kijiko, mtoto hakuwa na nguvu ya kumeza.

Babu akasimama, akasema, "Hapa si pa vijiko tena. Mleteni gari." Wakampeleka hospitali usiku ule ule, akatiwa maji kwa mshipa. Jumapili akafungua macho na kuomba maji mwenyewe, na Jumanne akarudishwa nyumbani, amekonda lakini anacheka.

3. Babu achungua

Zuhura aliporudi, Salma alimwendea babu barazani. Akasema, "Shikamoo babu." Akajibiwa, "Marahaba, mjukuu wangu." Akauliza, "Babu, maradhi haya yametoka wapi? Shangazi asema ni samaki."

Babu akamwambia, "Suala hili lina njia yake ya kujibiwa, wala halijibiwi kwa kudhani. Tuhesabu nani aliugua na nani hakuugua, kisha tuangalie nani alikula nini." Akatwaa karatasi, wakaandika pamoja.

Walioandikwa kuwa waliugua ni wanne: baba, Faridi, Zuhura na Salma. Wasiougua ni watatu: mama, babu na shangazi. Babu akasema, "Samaki alimla nani?" Salma akajibu, "Sote." "Na wali?" "Sote." "Na maji ya mtungi?" "Sote, hata wewe." Babu akasema, "Basi kama maradhi yalikuwa katika samaki au wali au mtungi, mbona mimi mzee sikuugua, nami nilikula katika sinia moja nanyi? Sasa niambie, sharubati aliinywa nani?"

Salma akahesabu kwa vidole. Waliokunywa ni watano, na katika hao wanne waliugua. Wasiokunywa ni wawili, na katika hao hapana aliyeugua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mama alikunywa, naye hakuugua."

Babu akasema, "Umesema kweli, na jambo hilo lisikupoteze. Si kulla aingiwaye na vijidudu huugua. Mtu mzima aliyekwisha kupatwa na maradhi hayo mara nyingi huenda mwili wake ukayashinda, wala asijue. Sisi hatutazami mtu mmoja, twatazama wengi walielekea wapi. Watu saba ni wachache, kwa hivyo siwezi kukata kama kadhi akatavyo. Lakini dalili zote zaelekea katika bakuli lile. Sasa nieleze namna ulivyoitengeneza sharubati, usiniache neno."

Salma akaeleza moja baada ya moja: winda, kuosha, ndoo, leso, maembe, kata. Alipofika penye ndoo sauti yake ikapungua. Akauliza, "Babu, ni mimi niliyemwuguza Zuhura?"

Babu akamweka karibu yake, akamwambia, "Wewe uliambiwa msafishe ndugu yako, ukamsafisha. Uliambiwa tengeneza sharubati, ukatengeneza. Hakuna aliyekufundisha kilichopasa kufanywa kati ya kazi hizo mbili, na sisi wakubwa ndio tuliopaswa kukufundisha. Lawama ni yetu, na kujifunza ni kwako. Nenda kaniletee mafuta ya nazi na manjano."

4. Manjano na mafuta ya nazi

Babu akatia mafuta nusu kijiko katika kiganja cha kushoto cha Salma, akanyunyiza manjano ya kusaga kidogo, akamwamuru ayapekeche mpaka yaenee mikono yote miwili. Akasema, "Hayo manjano tuyafanye ndiyo vijidudu. Vijidudu vya kweli ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, bali kwa kioo cha kukuzia tu, na vingine hata kwa kioo hicho cha kawaida havionekani. Katika haja kubwa ya mtu mwenye kuhara hutoka vingi visivyo na hesabu, na viko vya namna ambayo kumeza mia moja tu, au chini ya hapo, kwatosha kumwuguza mtu. Hizo mia moja huweza kukaa chini ya ukucha mmoja na nafasi ikabaki. Sasa futa mikono yako kwa leso kama ulivyofuta siku ile, kisha nenda ndani, kafungue mlango wa jiko, kaniletee kikombe cha maji, na umpe Zuhura mwanasesere wake, urudi."

Salma akaenda akarudi. Babu akamshika mkono wakaifuata njia aliyopita. Komeo la mlango lilikuwa manjano. Mkono wa kata ulikuwa manjano. Kikombe kilikuwa na alama ya kidole palepale mtu atiapo mdomo. Mwanasesere alikuwa na manjano shingoni, na Zuhura alikuwa amekwisha kumtia kinywani. Salma akasema, "Lakini babu, nilifuta!" Babu akasema, "Ulifuta kilichoonekana, na leso yako sasa yabeba nusu ya manjano. Mwingine akifutia leso hiyo mikono iliyo safi, huipata."

Kisha babu akasema, "Sasa tunawe kwa njia tatu, tuone ipi ifaayo."

Njia ya kwanza ilikuwa tasa. Babu akatia maji ndani ya tasa, Salma akachovya mikono, akaipekecha akaitoa. Juu ya maji yakatanda mafuta ya manjano. Babu akamwita Faridi, ambaye mikono yake ilikuwa safi, akamwambia achovye katika tasa lile lile. Faridi alipoitoa, vidole vyake vilikuwa na utando wa manjano. Babu akasema, "Ndivyo ifanyavyo ndoo, na ndivyo lifanyavyo tasa linalozungushwa karamuni wageni wakichovya mmoja baada ya mmoja. Wa kwanza anawa maji, na wa mwisho anawa mikono ya wenziwe. Wazee wetu hawakuwa wakifanya hivyo. Mtumishi alishika birika juu na tasa chini, akammiminia kulla mgeni maji mapya, na yaliyotumika yakaanguka tasani yasiguswe tena. Tasa liliwekwa kupokea maji machafu, halikuwekwa kuchovywa."

Njia ya pili ilikuwa maji ya kumimina pasipo sabuni. Faridi akashika birika akammiminia Salma, naye akasugua. Manjano mengine yakaenda na maji, lakini mengi yakabaki. Maji yalijikusanya matone matone juu ya mafuta yakateleza yakaanguka. Katikati ya vidole na pembeni mwa kucha hapakuwa na tofauti yoyote.

Njia ya tatu ilikuwa sabuni. Babu akampa kipande cha sabuni ya mche ya kufulia, akamwambia, "Lowesha mikono kwanza. Paka sabuni mpaka lifanyike povu. Sasa sugua kiganja kwa kiganja, kisha mgongo wa mkono huu na mgongo wa mkono huo, kisha katikati ya vidole. Shika kidole gumba ukizungushe. Mwisho kusanya ncha za vidole uzikune juu ya kiganja, sabuni iingie chini ya kucha. Usiache kusugua mpaka umehesabu polepole moja hata ishirini." Salma akafanya. Faridi akammiminia maji, na povu likaanguka rangi ya manjano. Babu akamfuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Ngozi ilibaki na umanjano hafifu, kwani manjano ni rangi na rangi huingia ngozini, lakini mafuta yalikwisha, na alipoushika ule mlango haukupata alama.

Pakabaki mahali pamoja: chini ya kucha mbili kulionekana mstari wa manjano. Babu akacheka, akasema, "Hapo ndipo mahali pa kukata kucha. Ukucha mrefu sabuni haifiki mwisho wake."

5. Sabuni yafanya nini

Faridi akauliza, "Babu, kwa nini sabuni iweze na maji yasiweze?"

Babu akasema, "Mafuta na maji hayapatani. Mkono wa mtu daima una mafuta yake ya asili, na vijidudu hukaa ndani ya mafuta hayo kama mchanga ndani ya asali. Maji yakipita juu hayavishiki. Sabuni imeumbika kwa chembe zenye ncha mbili, ncha moja yapenda maji na ncha ya pili yapenda mafuta. Ile ya pili huyashika mafuta, ile ya kwanza huyashika maji, basi maji yamiminwapo huyavuta mafuta pamoja na vilivyomo. Na kusugua ndiko kunakoyabandua kutoka ngozini. Ndiyo sababu hapana budi mambo matatu yakutane: sabuni, na kusugua, na maji yatiririkayo. Likikosekana moja, kazi haikutimia."

Akaendelea kusema, "Viko vijidudu vilivyovikwa utando wa mafuta, mathalan vya homa ya mafua na vya korona iliyoenea duniani mwaka 2020. Hivyo sabuni huupasua utando wao vikafa. Lakini vingi vya kuhara havina utando huo, na sabuni haiviui. Huvibandua tu vikaenda na maji. Kwa hivyo mtu akipaka sabuni akaifuta kwa kitambaa bila ya kumimina maji, amevihamisha tu. Na ile dawa ya spiriti ya kupaka mkononi yafaa mahali pasipo maji, bali kwa mkono wenye uchafu au mafuta nguvu yake hupungua, na viko vijidudu vya kutapisha na kuharisha ambavyo haviwezi vyema. Baada ya choo, sabuni ndiyo ya kutegemewa."

Shangazi akauliza kutoka ndani, "Sabuni ya dawa si bora zaidi, baba?" Babu akajibu, "La, mwanangu. Mwaka 2005 ilitangazwa khabari ya majaribio yaliyofanywa Karachi, katika mitaa ya masikini. Nyumba nyingine zilipewa sabuni ya kawaida, nyingine sabuni ya dawa, na wote wakafundishwa kunawa; nyingine hazikupewa. Katika nyumba zilizopewa sabuni, kuhara kwa watoto kulipungua kadiri ya nusu, na homa ya mapafu kwa walio chini ya miaka mitano pia ikapungua kadiri ya nusu. Baina ya sabuni ya dawa na ya kawaida hapakuonekana tofauti. Basi kipande cha sabuni ya mche chatosha."

6. Tohara na vijidudu

Baba alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Lakini baba, sisi twatawadha mara tano kwa siku. Je, hiyo haitoshi?"

Babu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Suala zuri, na wengi wamekosea hapa kwa pande mbili. Udhu ni ibada, nao una sharti zake, na sabuni si mojawapo. Mwenye kutawadha kwa maji safi udhu wake ni sahihi. Na najasa ikioshwa ikaondoka rangi yake na harufu yake na ladha yake, mahali pale pametoharika. Hivyo ndivyo tulivyosoma, wala sabuni haikuja kubadili neno hilo. Lakini vijidudu havina rangi wala harufu. Basi yawezekana mkono ukawa tohara kwa Sala, na pamoja na hivyo ukawa umebeba kinachoweza kumwuguza mtoto. Hili ni jambo la sharia na lile ni jambo la utibabu, na mtu mwenye akili hutimiza yote mawili. Mtu akitoka chooni, kwanza anawe kwa sabuni, kisha atawadhe."

Akamgeukia Salma, akasema, "Na wewe siku ile ulitazama mkono, hukuona kitu, ukaridhika. Sasa fikiri. Tumefundishwa na Mtume, sala na amani zimshukie, kuwa aamkaye usingizini asitie mkono chomboni mpaka aukoshe mara tatu, kwani hajui mkono wake ulilala wapi. Angalia: hatukuambiwa tuutazame kama una uchafu. Tumeambiwa tuukoshe kwa kuwa hatujui. Na tumeambiwa tuukoshe kabla ya kuutia chomboni, yaani nje ya chombo. Ulipochovya mkono ndani ya ndoo uliviosha vidole vyako ukayachafua maji, kisha ukatunywesha maji hayo. Wanazuoni wetu nao wasema kuwa maji machache, yasiyofika kula mbili, yakiingiwa na najasa hunajisika hata yasipogeuka rangi. Ndoo yetu ni lita ishirini. Kula mbili ni kadiri ya lita mia mbili."

Baba akainama, akasema, "Basi ndoo ile haikufaa kwa sharia wala kwa utibabu." Babu akasema, "Ndivyo."

7. Kibuyu chirizi

Salma akasema, "Babu, lakini mimi nikiwa peke yangu, nani atanimiminia birika? Nikiishika mwenyewe kwa mkono mchafu, si nitaichafua kama komeo?"

Babu akafurahi kwa suala hilo, kwani mfereji nao una aibu hiyo hiyo: mkono mchafu huufungua, na mkono uliokwisha safishwa huufunga, ukarudishiwa ulichokiacha. Mwenye mfereji hufaa aupake na kichwa chake povu la sabuni, akikoshe pamoja na mikono, kisha afunge. Lakini kwa ajili ya choo chao babu alitengeneza kibuyu chirizi. Alitwaa galoni tupu ya lita tano, akachoma tundu moja kwa msumari uliotiwa moto, ubavuni karibu na mdomo wake. Akaitundika kwa ufito uliopita mkononi mwake, kati ya miti miwili, juu kidogo kuliko kiuno cha Salma. Shingoni akafunga kamba, na mwisho wa kamba akafunga kijiti kilichofika chini. Mtu akikanyaga kijiti kwa mguu, galoni huinama na maji hutoka kwa uzi mwembamba. Akiuondoa mguu, maji husimama. Mkono haugusi kitu isipokuwa sabuni, nayo ilitobolewa ikaning'inizwa kando yake chini ya kifuu cha nazi isinyeshewe. Galoni moja ikawatosha watu wengi, kwa kuwa maji hayakumwagika ovyo.

Kisha wakakubaliana nyumba nzima juu ya nyakati ambazo hapana ruhusa ya kuacha sabuni: baada ya kutoka chooni, na baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula cha kupika au kuandaa, na kabla ya kula au kumlisha mtoto. Nyakati nne tu, ili zikumbukwe. Na mikono iachwe ikauke kwa hewa, au kulla mtu awe na kitambaa chake kifuliwacho, kwani mkono wenye maji hunasa na kuambukiza zaidi kuliko mkavu. Leso aliyoivaa mtu haifai kazi hiyo.

Babu akawatahadharisha kwa neno la mwisho, akasema, "Msidhani kunawa kutazuia kulla maradhi. Maji ya kunywa yakiwa machafu kisimani, au nzi akitoka chooni akatua juu ya chakula, mikono safi haitakufaa kwa hayo. Na viko vijidudu vya kuhara kwa watoto vilivyo vyepesi kuenea hata katika nyumba safi. Kwa hivyo kulla mtoto mchanga hapana budi apewe matone yake ya chanjo kliniki kwa wakati wake. Kunawa ni mlango mmoja. Lakini ndio mlango ulioachwa wazi nyumbani mwetu."

Miezi mitatu baadaye Nasri alihara tena. Salma alimsafisha, akakanyaga kijiti, akasugua akihesabu mpaka ishirini, akakata maembe. Siku ya pili alimwendea Zuhura asubuhi, akamtazama macho. Siku ya tatu akamtazama tena. Zuhura akamwambia, "Dada, mbona wanitazama hivyo?" Salma akasema, "Hapana kitu," akaenda zake madrasa.

Maswali ya kuwauliza watoto

1. Babu alijuaje kuwa maradhi hayakutoka kwa samaki?

2. Mama alikunywa sharubati asiugue. Je, hilo labatilisha neno la babu? Kwa nini?

3. Faridi alichovya mikono safi katika tasa. Ilipotoka ilikuwaje, na kwa nini?

4. Taja mambo matatu ambayo hapana budi yakutane katika kunawa.

5. Eleza tofauti ya mkono ulio tohara na mkono usio na vijidudu.

6. Mtoto mwenye kuhara akionekana na dalili gani hupelekwa hospitali pasipo kungoja asubuhi?